Hewa Chini ya Diaframu Si Gesi: Alsa Inapotoboka

"Sista, kama ni hewa tu, mbona mnataka kumpasua? Si mumpe dawa ya gesi?"

Aliyeniuliza hivyo alikuwa kaka wa mgonjwa, asubuhi ya Jumapili, ameinua picha ya eksirei kuelekea dirishani. Alikuwa ameshasoma karatasi iliyokuja na picha hiyo akaona imeandikwa kwamba kuna hewa tumboni. Mimi ni muuguzi wa wadi ya upasuaji hapa Kisumu, na swali hilo nimelisikia mara nyingi, kutoka kwa walimu, wavuvi, mama mboga na hata mhandisi mmoja. Linatokana na lugha yetu yenyewe, kwa hiyo nianzie hapo.

Tunaposema "tumbo" tunataja vitu viwili. Kwanza kuna mfuko wa chakula, ule unaopokea ugali ukishamezwa. Pili kuna chumba kizima kilicho chini ya mbavu, ambamo huo mfuko, utumbo, ini na wengu vimepangwa. Gesi tunayoilalamikia baada ya maharagwe imo ndani ya mfuko na utumbo. Imefungiwa, ina njia ya kutokea juu na njia ya kutokea chini. Katika chumba chenyewe, nje ya utumbo, hakutakiwi kuwa na hewa hata kidogo. Fikiria bomba la maji lililopitishwa ndani ya nyumba. Maji yakiwa ndani ya bomba, hakuna shida. Ukiyakuta yametapakaa sakafuni, hutafuti kitambaa cha kufutia kabla ya kutafuta mahali bomba lilipotoboka. Hewa aliyoiona yule kaka kwenye picha ilikuwa maji ya sakafuni.

Mgonjwa mwenyewe tumwite Baba Atieno. Si jina lake, na baadhi ya mambo nitakayosimulia nimeyachukua kwa wagonjwa wengine waliopita mikononi mwetu, ili mtu asitambulike. Ni mkulima wa mpunga upande wa Ahero, miaka arobaini na sita, mvutaji wa sigara. Msimu wa kupandikiza miche ulikuwa umemkuta na maumivu ya mgongo, akawa ananunua vidonge vya diklofenaki dukani, viwili au vitatu kwa siku, kwa muda wa wiki tatu. Mara nyingi alivimeza alfajiri kabla ya kushuka shambani.

Jumamosi alikwenda matanga huko Nyando. Alikula wali, nyama na sukuma saa saba mchana. Saa nane na nusu akiwa amekaa chini ya hema alishikwa na maumivu juu ya kitovu, ghafla, kama mtu aliyechomwa kisu. Aliniambia saa hiyo hiyo kamili, saa nane na nusu, bila kusita. Hiyo ni dalili ambayo madaktari huiuliza makusudi. Maumivu ya alsa ya kawaida huja na kuondoka kwa wiki, na mgonjwa hukwambia "yalianza kitambo." Alsa ikitoboka, mtu hukumbuka dakika, na alikuwa anafanya nini, na nani alikuwa amekaa kando yake.

Na hapo ndipo maneno yalipoanza. Mtu amekula kwenye matanga, saa moja na nusu tu imepita, sasa anajikunja kwa uchungu: amelishwa kitu. Wakamnywesha maziwa lita nzima ili yaiue sumu. Mwingine akaleta unga wa gesi, ukakorogwa katika glasi. Sote tunajua walifanya hivyo kwa upendo. Lakini vyote alivyonywa vilipita kwenye tundu, vikamwagika ndani ya chumba cha tumbo, juu ya wali na asidi iliyokuwa imeshamwagika.

Tundu hilo lilitoka wapi? Alsa ni kidonda kwenye ukuta wa ndani wa mfuko wa chakula, au wa duodeni, ile sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba inayopokea chakula kutoka mfukoni. Ukuta huo huogelea kwenye asidi kali usiku na mchana bila kuungua kwa sababu hujipaka ute mzito. Ute ukipungua, asidi huanza kuula ukuta. Vitu viwili ndivyo huupunguza zaidi. Cha kwanza ni bakteria aitwaye Helikobakta pailori, anayeweza kuishi ndani ya ute huo kwa miaka. Madaktari wawili wa Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren, ndio waliofanikiwa kumwotesha maabara mwaka 1982. Dunia haikuwaamini, na mwaka 1984 Marshall alimnywa bakteria huyo mwenyewe, akaugua uvimbe wa mfuko wa chakula. Walipewa tuzo ya Nobeli mwaka 2005. Cha pili ni dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki, aibuprofeni na aspirini. Zinapozima maumivu ya mgongo huzima pia kemikali inayouamuru ukuta utoe ute. Sigara huongeza hatari, na hufanya kidonda kichelewe kupona.

Pilipili haichimbi kidonda. Inaweza kumwasha aliye nacho, basi. Mawazo mengi nayo yanalaumiwa kuliko yanavyostahili. Na kuna imani moja ambayo inaniuma kwa sababu wagonjwa hutuambia waliambiwa na watu wanaouza dawa: kwamba sindano ya diklofenaki haina shida kwa mwenye alsa, maana haipiti tumboni. Dawa hiyo haiharibu ute kwa kuugusa tu. Inaufikia kupitia damu, na damu huenda kila mahali, iwe umemeza kidonge au umedungwa sindano ya makalio.

Kidonda kikiendelea kula ukuta, mwisho wake unategemea kimekaa upande gani. Kikiwa ukuta wa nyuma wa duodeni, kuna mshipa mkubwa wa damu unaopita hapo, na mgonjwa huweza kutapika damu au kuenda choo cheusi kama lami. Kikiwa ukuta wa mbele, nyuma yake hakuna kitu cha kukizuia. Kinatoboka na kufungua njia ya moja kwa moja kwenda kwenye chumba cha tumbo. Baba Atieno alikuwa na kidonda cha mbele.

Sasa nieleze yaliyotokea kati ya saa nane na nusu ya Jumamosi na saa tatu ya Jumapili alipotufikia, kwa sababu ndiyo sehemu inayoua watu, na inaua kimya kimya.

Chumba cha tumbo kimepakwa ndani kwa utando mwembamba unaong'aa, uitwao peritoni. Ukiwahi kuchinja mbuzi umeuona: ule wepesi, laini, unaoteleza, unaofunika kila kitu. Una hisia kali sana. Asidi inapoumwagikia, unaungua kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya betri. Uvimbe wa utando huo ndio peritonaitisi. Misuli ya tumbo hujikaza yenyewe kuulinda, na tumbo huwa gumu kama ubao. Mwenye mawe ya figo hugaagaa kitandani, hawezi kutulia. Mwenye peritonaitisi hulala tuli kama amefungwa kamba, anapumua juu juu, na ukigonga kitanda kwa bahati mbaya analia, kwa sababu kila mtikiso huusugua utando ulioungua. Wengine husikia maumivu begani, kwa kuwa neva inayohudumia diaframu, msuli ulio kati ya kifua na tumbo, hutokea shingoni, mahali pamoja na neva za bega. Wengine huumwa upande wa kulia chini, maana majimaji huteremka kando ya utumbo hadi huko, na watu husema ni kidole tumbo.

Katika saa za mwanzo, bakteria tumboni ni wachache, kwa kuwa asidi huwaua wengi. Kinachouma ni kuungua. Halafu utando hufanya kile ambacho ngozi hufanya ikiungua: hutoa maji. Hutoa maji mengi, lita nzima na zaidi, na maji hayo huizimua asidi. Maumivu hupungua. Kwa Baba Atieno hili lilitokea mnamo saa mbili usiku. Alisema ameona nafuu, akaomba alale. Jamaa wakaambiana kwamba maziwa yamefanya kazi.

Nafuu hiyo ni ya uongo, na kuna njia za kuitambua. Uso ulitulia lakini tumbo lilibaki gumu. Hakuweza kukaa wima bila kushikwa. Alikuwa na kiu isiyoisha na hakuwa amekojoa tangu mchana, kwa sababu maji yaliyokuwa yakimwagika tumboni yalitoka kwenye damu yake mwenyewe. Mtu aliyeumwa ghafla kiasi cha kushindwa kusimama, kisha akatulia baada ya saa chache huku tumbo likiwa limekaza, hajapona. Usiku ule ule bakteria walianza kuzaana ndani ya wali na maziwa yaliyotapakaa. Kufikia alfajiri tumbo lilikuwa limevimba, utumbo umegoma kufanya kazi, na homa imeanza.

Alipofika kwetu mapigo ya moyo yalikuwa 128 kwa dakika, presha 90 kwa 50, joto 38.4. Midomo imekauka. Daktari aliweka mkono juu ya tumbo lake taratibu sana na hakuhitaji kubonyeza.

Turudi kwenye picha. Eksirei ya kifua ndiyo huombwa, na watu hushangaa: anaumwa tumbo, mnampiga picha ya kifua? Inaombwa kwa sababu ndiyo huonyesha vizuri diaframu, ule msuli ulioinama kama kuba unaotenganisha kifua na tumbo. Hewa hupanda juu, kama povu kwenye chupa ya soda. Mgonjwa akiketishwa wima kwa kama dakika kumi, hewa iliyotoroka hupanda na kukwama chini ya kuba. Upande wa kulia, chini ya diaframu kuna ini, ambalo kwenye picha ni jeupe bila doa. Hewa ikiingia katikati, unaona utepe mweusi wenye umbo la mwezi mwandamo, diaframu juu yake kama uzi mweupe, ini chini yake. Nilimwonyesha yule kaka utepe huo kwa kidole. Upande wa kushoto tunauamini kidogo, kwa sababu mfuko wa chakula huwa na povu lake la kawaida pale, ambalo ni hewa halali kabisa. Asiyeweza kuketi hulazwa kwa ubavu wa kushoto, hewa ikapanda juu ya ini, na picha hupigwa kutoka upande.

Mambo mawili kuhusu picha hiyo. Kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne wenye tundu, eksirei haionyeshi hewa yoyote, ama kwa sababu ni kidogo mno, ama mgonjwa hakukaa wima vya kutosha, ama tundu limezibwa mapema na kiungo cha jirani. Siti skani huona hata viputo vidogo, lakini si kila mahali ipo. Kwa hiyo tumbo gumu kama ubao halisamehewi na picha safi. Na kinyume chake, hewa huonyesha kwamba kuna tundu, haionyeshi liko wapi. Homa ya matumbo, ambayo tunayo huku kwetu, huweza kutoboa utumbo mwembamba kule mwisho wake na kutoa picha ile ile. Na aliyepasuliwa tumbo siku chache zilizopita huwa na hewa iliyoingia wakati wa upasuaji, isiyo na ubaya.

Kaka mtu alikuwa na swali la pili: kwa nini asipigwe kamera kwanza, ile ya kumezwa? Kamera hiyo huhitaji kupuliza hewa ili mfuko ufunguke uonekane. Kwenye mfuko uliotoboka, hewa hiyo husukuma uchafu zaidi nje. Pale panapodhaniwa tundu, kamera husubiri.

Alikubali. Mama Atieno ndiye alikuwa wa kwanza kusema, "Basi mfanyeni."

Hatukumkimbiza thieta dakika hiyo. Hili nalo huwakera jamaa, kwamba mmesema ni dharura na bado yuko kitandani. Mtu mwenye presha ya 90 kwa 50 anaweza kufa kwa dawa ya usingizi kabla ya kisu. Lazima arudishiwe maji aliyopoteza, na haraka. Alifungiwa dripu mbili, mikono yote miwili, akapewa lita mbili za ringa laktati katika saa ya kwanza na nusu huku tukimpima. Aliingizwa mpira wa puani hadi mfukoni, ukavuta nje maziwa yaliyobaki, ili kisimwagike tena chochote. Hakuruhusiwa kumeza hata maji. Alipewa oksijeni, omeprazoli kwa mshipa, na antibayotiki mbili, seftriaksoni na metronidazoli, zinazopiga aina nyingi za bakteria wa tumbo. Alipewa pia mofini. Zamani iliaminika kwamba ukimtuliza mgonjwa maumivu utaficha ugonjwa. Haiko hivyo: tumbo la peritonaitisi hubaki gumu, na mgonjwa anaweza kukujibu maswali badala ya kulia.

Kipimo changu kikuu kilikuwa mkojo. Tulimwekea katheta, na tunalenga angalau nusu mililita kwa kila kilo kila saa. Yeye ana kilo sitini na nne, kwa hiyo mililita 32, kama vijiko viwili vikubwa. Saa ya kwanza zilitoka mililita 10, nyeusi kama chai ya rangi. Saa iliyofuata 35. Mapigo yalishuka hadi 104. Ndipo tukasukuma kitanda. Lakini kungoja huku kuna kikomo kifupi. Utafiti mkubwa wa Denmaki uliochapishwa mwaka 2013 uliona kwamba kila saa ya kuchelewa baada ya kulazwa ilipunguza uwezekano wa kupona kwa takriban asilimia 2.4. Mgonjwa huandaliwa kwa saa chache, hawekwi hadi kesho.

Tumbo lilifunguliwa kwa mkato wa katikati, kutoka chini ya kifua hadi kando ya kitovu. Utando ulipokatwa, hewa ilitoka kwa sauti ndogo, "fss", kisha yakafuata majimaji ya rangi ya nyongo, yenye ukungu, karibu lita moja na nusu, na punje za wali zikielea. Nilikuwa pale, nikihesabu vitambaa. Tundu lilikuwa mbele ya duodeni, mduara wa milimita sita hivi, kingo zake nyeupe na ngumu. Lingepitisha punje ya ndengu, si zaidi.

Mtu angedhani utashona tundu kama unavyoshona shati lililotoboka. Haiwezekani vizuri. Ukuta kando ya kidonda umevimba na kulegea kama mkate uliolowa chai, na ukiuvuta kwa uzi, uzi unaukata. Njia inayotumiwa inahusishwa na Roscoe Graham, daktari wa upasuaji wa Toronto aliyeielezea mwaka 1937. Ndani ya tumbo kuna pazia la mafuta linaloning'inia mbele ya utumbo, lile ambalo wachinjaji wa mbuzi hulitandaza kama kitambaa cha lesi. Daktari alipitisha nyuzi tatu kuvuka tundu, zikaanzia kwenye ukuta mzima upande mmoja na kutokea kwenye ukuta mzima upande wa pili, bila kuzifunga. Akavuta kipande cha pazia hilo, chenye mishipa yake hai, akakilaza juu ya tundu, kisha akafunga nyuzi juu yake. Hufungwa kwa kiasi. Ukikaza mno, damu haipiti, kiraka kinakufa, na tundu linafunguka upya. Kiraka kikiwa hai huota na kushikamana, kidonda kikapona chini yake.

Kama tundu lingekuwa kwenye mfuko wa chakula wenyewe badala ya duodeni, daktari angekata kipande cha ukingo kipelekwe maabara, kwa sababu baadhi ya vidonda vya mfuko ni saratani iliyotoboka. Vile vya duodeni ni nadra sana kuwa hivyo.

Kuziba kulichukua muda mfupi kuliko kuosha. Maji ya chumvi yenye uvuguvugu yalimiminwa na kufyonzwa, chini ya diaframu, kando ya ini, katikati ya utumbo, hadi kwenye nyonga, lita baada ya lita, mpaka yakarudi meupe. Uchafu ukibaki kwenye kona mojawapo hugeuka jipu, na jipu chini ya diaframu huweza kumrudisha mgonjwa baada ya wiki, na homa isiyoeleweka.

Je, wapo wanaopona bila kupasuliwa? Wapo wachache: wale ambao pazia lile la mafuta au ini limeziba tundu lenyewe, tumbo ni laini, mapigo yametulia, na picha iliyopigwa baada ya kumeza dawa inayoonekana kwenye eksirei imethibitisha kwamba hakuna kinachovuja. Huwekwa mpira wa puani, dripu na dawa, na daktari hurudi kuwapapasa tumbo kila saa chache. Wasipopata nafuu ndani ya takriban saa kumi na mbili, wanapasuliwa. Njia hiyo haikumfaa mtu aliyefika saa kumi na nane baadaye akiwa na presha ya chini.

Siku ya tatu hadi ya saba ndizo tunazozihofia, kwa sababu kiraka kikivuja huvuja hapo. Dalili ni mapigo yanayopanda tena bila sababu, tumbo kukaza, homa. Kwa Baba Atieno hayo hayakuja. Siku ya nne utumbo ulianza kunguruma, akajamba, na kwa mara ya kwanza nikamwona mkewe akicheka. Mpira ukatolewa, akanywa uji mwepesi. Siku ya sita kidonda cha nje kilipata usaha sehemu ya chini, jambo la kawaida kwa tumbo lililokuwa chafu, tukakifungua kidogo na kukisafisha kila siku. Alirudi nyumbani siku ya kumi na moja.

Kiraka huziba tundu, hakiondoi chanzo. Choo chake kilipimwa na bakteria wakaonekana, akapewa omeprazoli, amoksilini na klarithromaisini kwa siku kumi na nne, zote pamoja, na maagizo ya kurudi kupimwa tena si chini ya wiki nne baada ya kumaliza antibayotiki, akiwa ameacha omeprazoli kwa wiki mbili ili kipimo kisidanganye. Diklofenaki basi. Mgongo utapewa parasetamoli. Sigara alisema ataacha, na hadi aliporudi kliniki alikuwa bado hajavuta.

Kabla hajaondoka wadini, kaka yake aliniomba nimweleze tena, pole pole, kuhusu tundu na asidi, na ni muda gani kidonda cha namna hiyo hujichimba. Nikamwambia kilianza wiki nyingi kabla ya matanga, pengine zaidi. Alitoka nje kwenye veranda akapiga simu Nyando, kwa nyumba iliyokuwa na msiba. Nilimsikia akisema kwa sauti kubwa, kama watu wanavyofanya mtandao ukiwa mbaya, "Hapana, mama, hakuna mtu alimlisha kitu. Chakula chenu kilikuwa kizuri. Mwambieni na yule dada aliyepika."